Nawashukuruje waliochangia mguu bandia wa jirani yetu bila kuwabana ambao hawajatoa?

Mratibu_Tandika

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ndiye mratibu wa mchango tuliouanzisha hapa mtaani kwetu Tandika kwa ajili ya kijana wa bodaboda aliyepata ajali akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Makadirio tuliyopewa ni shilingi 2,200,000 za mguu bandia wenyewe, na sisi tukaongeza 600,000 za nauli za kwenda kliniki, mazoezi ya kutembea na vifaa vidogo vidogo, hivyo lengo likawa 2,800,000. Tangazo tuliliweka kwenye kundi la mtaa, likasambazwa na kijiwe chake, na baadaye na watu aliosoma nao. Mpaka leo zimeingia 1,940,000 kutoka kwa watu 47. Kando ya hizo, wapo walioahidi jumla ya 310,000.

Ninachohitaji ni msaada wa maneno. Nataka kuweka shukrani chini ya tangazo pamoja na taarifa ya tulipofikia, lakini sitaki mtu yeyote aione kuwa ni kampeni ya pili. Hii ndiyo rasimu niliyonayo, nayo naiona kuwa nzito bila kujua ni wapi hasa:

*"Asanteni sana wote mliochangia, Mungu awazidishie. Tumepata 1,940,000 kati ya 2,800,000, bado 860,000 tu! Waliokwisha kutoa ni hawa (majina, kiasi, na alama ya tiki). Walioahidi ni hawa (majina, nafasi wazi). Tukumbuke kijana wetu anateseka kila siku. Tukamilishe kabla ya mwisho wa mwezi. Namba ya kutuma ni ileile."*

Naomba muikosoe bila kunionea haya.

MwekaHazina_Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa mweka hazina wa kamati za misiba, harusi na matibabu kwa miaka mingi, na rasimu yako naijua kabla hata sijaisoma, kwa sababu ni orodha ya kamati ya harusi iliyovalishwa maneno ya shukrani. Harusini orodha ile ina kazi yake. Mtu amepewa kadi, ameandika ahadi yake mwenyewe, kamati imeshamlipia mpishi kwa kutegemea ahadi hiyo, na tiki mbele ya jina humwambia mwenzake kwamba siku inakaribia. Kila mtu anajua mchezo ulivyo. Mchango wa mgonjwa haukuanza na kadi, na aliyesema "nitajitahidi mwisho wa mwezi" chini ya tangazo hakusaini chochote. Ukimwandika kwa jina na kuacha nafasi wazi mbele yake, umemtangaza kuwa ni mdaiwa mbele ya mtaa mzima, na wala hujamshukuru.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitoa kabisa orodha ya ahadi. Ile 310,000 ibaki kwenye daftari lako tu, tena usiijumlishe popote, kwa maana ahadi ikijumlishwa na fedha taslimu taarifa yako itapanda leo na kushuka kesho, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Hata "asante kwa ahadi yako" niliacha kuiandika hadharani zamani, kwa kuwa aliyeahidi huisoma kama ukumbusho. Akitoa, ndipo mshukuru.

La pili ni ule mkia wa rasimu: tarehe ya mwisho, kijana anateseka, namba ni ileile. Msomaji akimaliza kusoma, kitu cha mwisho kubaki kichwani mwake ni namba ya simu, na shukrani zote zilizotangulia zitageuka kuwa utangulizi wa kuomba. Namba ipo kwenye tangazo la awali, na anayeitaka atapanda juu aione.

La tatu ni lile neno "tu" baada ya 860,000. Kwako ni dogo, lakini kwa mama anayeuza vitumbua pale Tandika, laki nane na sitini si "tu".

Kijana_Kigamboni

Nakubaliana na mzee kuhusu ahadi, lakini kuhusu fedha zilizokwisha kuingia mimi naona uwazi haujawahi kumdhuru mtu. Dada mratibu, piga picha za ujumbe wote wa miamala uliopokea, uziweke chini ya tangazo moja baada ya nyingine. Hapo kila mchangiaji ataona fedha yake imefika, na hakuna atakayesema umekula. Watu siku hizi wameibiwa sana kwa michango ya uongo, wanataka ushahidi wa macho, na maneno matupu ya "tumepata kiasi fulani" hayatoshi.

Bi_Mkubwa_Ukonga

Mwanangu wa Kigamboni, kuhusu haja ya ushahidi uko sahihi, ila ushahidi wenyewe umeuchagua vibaya. Ujumbe wa muamala una jina kamili la mtumaji kama lilivyosajiliwa kwenye laini, mara nyingi na namba yake ya simu. Matapeli hawahitaji zaidi ya hapo: wanajua jina lako, namba yako, kiasi ulichotoa na mgonjwa uliyemtolea, kisha wanakupigia wakijifanya wauguzi wanaohitaji nyongeza ya haraka.

Tena jina la kwenye ujumbe si lazima liwe la mtoaji. Nilipochangia matibabu ya mtoto wa rafiki yangu, nilikwenda kwa wakala, nikampa fedha taslimu akamwekea mratibu moja kwa moja. Mratibu, kwa nia njema kabisa, akamshukuru wakala kwa jina la duka lake, na mimi nikakaa kimya nikicheka. Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lisilochekesha ni la jirani yangu, aliyetuma mchango kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe bila kumwambia, na mume akashukuriwa hadharani kwa fedha asiyoijua. Nyumba ile ilikuwa na mazungumzo marefu usiku huo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la mtu yeyote, mwulize faraghani kwa sentensi moja: "Tumepokea mchango wako, ahsante sana. Ungependa jina lako litajwe au libaki kwetu?" Asipojibu, chukulia kuwa hataki.

Wakili_Sinza

Naongezea jambo moja kwa kifupi, kwa kuwa limeguswa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya na za miamala ya fedha za mtu katika kundi la taarifa nyeti. Sisemi kwamba mratibu wa mtaa atapelekwa mahakamani kwa kusema asante. Nasema kwamba ridhaa anayoishauri Bi Mkubwa ni kinga kwako na kwao, na kwamba ridhaa hiyohiyo inamhusu kijana mwenyewe. Je, amekubali picha ya mguu wake na maelezo ya kliniki yawekwe kwenye taarifa? Kukubali tangazo la kwanza akiwa wodini si sawa na kukubali kila taarifa itakayofuata.

Mratibu_Tandika

Nashukuru, dada wakili. Nimemwuliza leo, na amesema picha ya uso haina shida lakini mguu hataki uonekane mpaka atakapokuwa amesimama juu yake. Nimelipokea. Ila bado nina swali: nisipoweka picha za miamala, ushahidi uwe upi?

Mpwa_wa_Temeke

Samahani dada, nimeusoma uzi huu na nimeguswa sana. Naomba namba ya kutuma, nina elfu kumi hapa.

Mratibu_Tandika

Ndugu yangu Mpwa, nakushukuru kwa moyo wako, lakini uzi huu si wa kukusanya na nisingependa uwe. Hapa naomba ushauri wa namna ya kuandika. Kama unaishi Temeke, tangazo lenyewe huenda likakufikia kwa njia yake.

MwekaHazina_Mstaafu

Tuone hapo, hakuna aliyeombwa na mtu amejitokeza. Tuendelee.

Ushahidi mzuri ni wa upande wa matumizi. Mchangiaji anajua fedha yake imetoka, kwa kuwa ujumbe wa kuthibitisha anao kwenye simu yake. Asichokijua ni ilikokwenda baada ya kufika kwako. Kama kliniki inapokea malipo kwa kontroo namba, lipa moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyopokea michango, kisha piga picha stakabadhi ya malipo hayo, ufunike jina la mgonjwa ikiwa hataki, uiweke. Kwa njia hiyo pia unaepuka kutoa fedha taslimu kwa wakala, maana hapo kuna makato, na makato ndiyo huzua maswali madogo madogo yasiyoisha. Nusu ya wachangiaji hutuma "na ya kutolea", nusu hawatumi, kwa hiyo jumla iliyoingia kwenye simu haitalingana na fedha utakayoishika mkononi. Chagua hesabu moja uishikilie, nami nakushauri iwe ya kilichoingia, halafu makato uyaonyeshe kama matumizi.

Jambo jingine ni kuwa watu wawili zaidi ya wewe, mmoja kutoka familia na mmoja kutoka mtaani, waikague hesabu na kuithibitisha. Taarifa iseme wazi kwamba mchangiaji yeyote akitaka kuona mstari wa mchango wake, awasiliane na mmoja wa hao watatu, naye ataonyeshwa wake peke yake.

Fundi_Viungo

Mimi ni fundi wa viungo bandia, mafunzo yangu niliyapata Moshi pale KCMC, na sasa nafanya kazi hapa Dar es Salaam. Nimeingia kwenye mjadala kwa sababu ya ile sentensi ya "tukamilishe kabla ya mwisho wa mwezi". Dada mratibu, naomba kujua: kigutu kimeshapona kabisa? Bado anafungwa bendeji?

Mratibu_Tandika

Kidonda kimefunga, nyuzi zimetolewa, na anafunga bendeji ile ya kuvutika kila siku. Tumeambiwa turudi kliniki baada ya wiki kadhaa ndipo wataangalia kama anaweza kupimwa.

Fundi_Viungo

Basi hiyo ndiyo taarifa ya maendeleo, tena ni muhimu kuliko tarakimu. Mguu uliokatwa huwa na uvimbe, na bendeji ile kazi yake ni kuupunguza na kukipa kigutu umbo zuri. Tukichukua kipimo mapema, kigutu kitaendelea kupungua na soketi, yaani ile sehemu ya mguu bandia inayokishika kigutu, italegea. Mgonjwa ataanza kuongeza soksi moja, mbili, tatu ili imkae, na mwishowe itamchubua na tutalazimika kutengeneza soketi nyingine. Kwa hiyo fedha yote ikipatikana leo, kijana huyo hatapewa mguu kesho. Atasubiri ngozi ikomae na kipimo cha mzingo wa kigutu kitulie kati ya kliniki moja na nyingine. Baada ya hapo ndipo tunachukua umbo kwa plasta, tunatengeneza soketi ya kujaribia, tunamsimamisha katikati ya vyuma sambamba, tunarekebisha mwelekeo wa mguu, na anaanza mazoezi ya kutembea.

Nayasema haya kwa sababu nimeona michango mingi ikipata shida hapo. Wachangiaji wanatoa, miezi inapita, kijana bado yuko kwenye magongo, na mtu mmoja anauliza, "Mguu uko wapi?" Mratibu hajala chochote, ila hakuwahi kueleza kwamba kusubiri ni sehemu ya matibabu. Ukiandika kwamba tarehe ya mwisho ni mwisho wa mwezi, umewaambia watu kwamba fedha ndiyo inayochelewesha, na si kweli.

Na tafadhali usiahidi kwamba mguu huu ni wa maisha. Soketi ya kwanza mara nyingi hubadilishwa kadiri kigutu kinavyokonda, na mguu wenyewe huchakaa baada ya miaka kadhaa, hasa kwa mtu atakayerudi kwenye kazi ya kutembea na kusimama. Wachangiaji wakijua hilo mapema hawatashangaa siku familia itakapozungumzia ukarabati.

Bwana_Harusi_Aliyeahirishwa

Naomba niulize la kwangu hapohapo. Harusi yetu iliahirishwa kwa sababu ya msiba, na michango karibu nusu ilikuwa imeshaingia. Je, niwashukuru sasa au nisubiri harusi ifanyike? Na walioahidi niwaambie nini? Mpaka sasa nimenyamaza tu.

MwekaHazina_Mstaafu

Pole kwa msiba, mwanangu. Usinyamaze. Waambie waliotoa kwamba fedha ipo, iko wapi, na kwamba anayetaka kurudishiwa atarudishiwa. Wengi hawatataka, lakini watalala vizuri. Walioahidi waambie ahadi zimesimamishwa mpaka utakapotangaza tarehe mpya. Lako linastahili uzi wake, maana kwenye harusi kadi ipo na kwenye mchango wa dada huyu haipo.

Mama_Ntilie_Mtoni

Mimi nataka kubisha kidogo kuhusu majina. Mnasema yafichwe, lakini sisi wengine tunaotoa elfu mbili tunafurahi tukiona majina yetu. Mchango wa mwaka jana wa jirani yangu niliona aliyetoa laki mbili kaandikiwa aya nzima na maua, mimi na wenzangu tukapewa "asanteni na wengine wote". Sikusema kitu, ila nilijisikia kama nimeleta chenji. Heri basi wote waandikwe sawa.

Bi_Mkubwa_Ukonga

Mama, hilo nalikubali kabisa, na ni la kiasi kuliko la majina. Tatizo la orodha ile lilikuwa kiasi na maua. Anayependa kutajwa atajwe kwa jina bila kiasi, kwa mpangilio wa alfabeti, na maneno ya shukrani yawe yaleyale kwa aliyetoa elfu mbili na aliyetoa laki mbili. Kwenye Al-Baqara aya ya 271 sadaka ya wazi imesemwa kuwa ni njema na ya siri kuwa ni bora zaidi, na wenzetu Wakristo wana ile ya Mathayo 6 kuhusu mkono wa kushoto usijue. Zote zinazungumza na mtoaji mwenyewe, basi achague yeye, na mratibu asimchagulie.

Mama_Ntilie_Mtoni

Kwa alfabeti basi mimi nitakuwa karibu na mwanzo. Nimeridhika nusu.

Kijana_Kigamboni

Nimelielewa la picha za miamala, nimelirudisha. Lakini kuna jambo mnalizunguka. Kiasi kilichopungua kitajwe au kisitajwe? Mkikificha, watu watadhani mchango umekamilika, na waliokuwa wamepanga kutoa wataacha. Mkikitaja, mmeomba. Hamwezi kuyapata yote mawili.

MwekaHazina_Mstaafu

Kinatajwa, kwa maana taarifa isiyotaja lengo ni nusu ya taarifa. Tofauti inaletwa na kinachokifuata. "Bado 860,000, tujitahidi" ni ombi. "Lengo lilikuwa 2,800,000, zilizoingia ni 1,940,000" halafu ukaeleza kinachoweza kufanyika kwa kilichopo na familia imepanga nini kuhusu kilichobaki, hiyo ni taarifa. Msomaji anajua kutoa, usimfanyie hesabu. Ila mpango huo uwe wa kweli. Dada mratibu, familia ina mpango gani?

Mratibu_Tandika

Tulikaa nao jana. Kliniki wamesema wanaweza kupokea malipo kwa awamu, sehemu kubwa siku ya kupima na iliyobaki kabla ya kukabidhi mguu. Kaka yake mkubwa amesema atajazia kidogo kidogo kutoka kwenye kibanda chake. Kwa hiyo hata asipotoa mtu mwingine, kipimo hakitasimama. Kwa msaada wenu nimeandika upya:

*"Ndugu na majirani, tunawashukuru ninyi nyote mliomchangia kijana wetu. Kila mchango umepokelewa kwa uzito uleule, na mmoja mmoja tumewaandikia faraghani.*

*Lengo letu lilikuwa shilingi 2,800,000, na zilizoingia hadi leo ni 1,940,000 kutoka kwa watu 47. Zilizotumika ni 65,000 za nauli za kliniki na bendeji, na zilizobaki ni 1,875,000. Kidonda kimepona na sasa anafunga bendeji ili uvimbe upungue, kwa kuwa mguu bandia hauwezi kupimwa kabla kigutu hakijatulia. Kipindi hiki cha kusubiri ni cha kitabibu na hakitokani na upungufu wa fedha. Kliniki itapokea malipo kwa awamu, na fedha iliyopo inatosha kuanza kipimo. Sehemu itakayopungua familia imepanga kuijazia yenyewe polepole.*

*Mguu wa kwanza huhitaji marekebisho baadaye, nasi tutawaeleza itakapofika hapo. Taarifa ijayo tutaitoa baada ya kipimo, pamoja na stakabadhi. Aliyechangia na angependa kuona mchango wake kwenye hesabu, awasiliane na mimi, mjumbe wetu wa mtaa au kaka yake mgonjwa."*

Fundi_Viungo

Kwa upande wangu iko sahihi. Ningeongeza tu kwamba wakati wa kupima kliniki inaweza kuamua asubiri tena, na hilo likitokea litangaze siku hiyohiyo, usingoje uwe na habari nzuri.

Kijana_Kigamboni

Bado naona "familia imepanga kuijazia polepole" ni ombi lililojificha. Mtu mwenye huruma akisoma hapo ataingiza mkono mfukoni.

Bi_Mkubwa_Ukonga

Akiingiza ni hiari yake, na asipoingiza hakuna aliyemwona. Mimi ningeiacha. Ambacho ningekitoa ni idadi ya watu 47, kwa sababu mtaa wetu unajuana, na kuna atakayeanza kuhesabu nani yumo na nani hayumo.

MwekaHazina_Mstaafu

Hapo mimi na Bi Mkubwa hatuko pamoja. Idadi humsaidia mkaguzi, na pia humwonyesha kijana kwamba nyuma yake wapo wengi. Amua mwenyewe, mwanangu, unaujua mtaa wako kuliko sisi.

Mratibu_Tandika

Nitamwuliza kijana kuhusu idadi, kisha nitaweka taarifa jioni ya leo. Baada ya kuiweka sitamjibu kila mtu palepale chini ya tangazo, kwa kuwa kila jibu langu hulirudisha tangazo juu ya kundi na kuwafikia tena walewale. Watakaoandika pole na dua nitawajibu kwa pamoja mara moja, na wanaouliza fedha nitawajibu faraghani.